Kaka mcheza kamari: abaki au aondoke?

"Mswada wangu una sura 34. Kisa cha kaka yake mhusika mkuu kimechukua sura 7. Nikikate?"

Njia ya haraka ni kuzifunika hizo sura saba na kusoma zilizobaki. Nimefanya hivyo. Rehema anamsaka aliyeghushi sahihi ya marehemu baba yake. Idi, kaka yake, anazama kwenye kamari. Hata Idi asipokuwepo, Rehema anampata mghushi vilevile. Kwa kipimo hicho, Idi hana kazi.

Ila kipimo hicho kinaangalia tukio gani limezaa tukio gani, basi. Tazama sura ya 31: mghushi ni mjomba aliyemlea Rehema, naye Rehema anaichana hati yenye sahihi hiyo ya kughushi na kunyamaza. Ukimwondoa Idi, msamaha huo unaanguka kutoka hewani. Idi akiwepo, tunakumbuka sura ya 12, Rehema alipomfumania akiuza saa ya baba yao, akamfungia mlango, na hakumwona tena kwa miezi. Ukali wake ulishamgharimu ndugu mmoja. Kwa hiyo Idi haongezi ushahidi wowote katika msako, lakini uamuzi wa mwisho umesimama juu yake. Mimi simkati.

Sura saba, hata hivyo, ni nyingi, na ubaya uko kwenye mpangilio. Sura ya 15 inaishia Rehema akifungua barua ya wakili. Kisha, kuanzia ya 16 hadi ya 19, ni Idi mtupu. Kumning'iniza msomaji kwa sura moja kunamtia hamu. Kwa sura nne, anaanza kuruka kurasa kuitafuta barua. Wape watu wawili wausome mswada, waweke alama kila walipouweka chini. Alama zikirundikana hapo, umeshajibiwa.

Tena, katika sura hizo nne, ya 16 na ya 18 ni tukio lilelile: Idi anashinda kidogo, anapoteza vyote, anakopa. Kilichobadilika ni chumba tu. Ya 18 itoke. Ya 17, usiku wa mvua, ndiyo iliyoandikwa vizuri kuliko zote (najua itakuuma), lakini Idi anaingia na kutoka vilevile alivyokuwa. Itoke nayo.

Ya 19, anapotishwa na mdai wake, inaweza kuokolewa. Mfanye mdai huyo awe yule karani aliyeshuhudia sahihi. Hapo tukio moja litavuta nyuzi mbili, na Rehema atakuwa na sababu ya kumtafuta kaka aliyemfukuza. Lakini karani huyo aonekane mapema, kabla ya sura ya 10, hata kwa mistari mitatu akihesabu noti dirishani. Akichomoza sura ya 19 kwa mara ya kwanza, msomaji atauona mkono wako ukimsukuma jukwaani.