Katibu, Naomba Liingie kwenye Muhtasari

Kwanza niweke mambo sawa. Hiyo habari inayozunguka kwamba nimemfukuzisha mtu kazi ni uongo mtupu. Mtu alishapunguzwa kazi kitambo. Mimi nilimtangaza tu. Na huyo aliyewatumia ujumbe wa sauti humu kwenye grupu, wakati wa kikao alikuwa nje anagombania sambusa, hakuona kitu. Nisikilizeni mimi niliyekuwa mbele na daftari.

Mnajua mimi ni Mpare na mtani wangu ni Mchaga wa Rombo. Yeye kila akiniona hukumbusha watu kwamba Mpare huuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Mimi namwambia mambo ya Wachaga na pesa ambayo hapa siyaandiki, mama yake yumo humu ndani. Juu ya hayo kamuoa dada yetu, kwa hiyo ni mtani na ni shemeji. Nilijiona nina leseni mbili.

Alipopunguzwa kazi alinipigia mimi kwanza, na mzaha alianza yeye. "Mtani, mpigie saluti mstaafu." Nikamuuliza wamekupa nini. Akasema kiinua mgongo cha kisheria, mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, naye ametimiza miaka 9. Nikamwambia hizo siku 63 akizipandisha Rombo Desemba zitaishia kwenye mbege ya kusalimia majirani. Tukacheka mpaka salio lake likakata.

Usiku nikampigia tena, nimepata utani mwingine mkali zaidi. Akapokea kwa sauti nzito: "Ndiyo bosi, ripoti kesho asubuhi itakuwa mezani." Nilicheka nikaanguka kitandani. Nikasema huyu mtu ana kipaji, mstaafu anaigiza mfanyakazi! Haikunipitia kabisa akilini kwamba mtu anayejibu hivyo saa 4 usiku ana mtu pembeni.

Sasa twende kwenye kikao. Ni kamati ya harusi ya mdogo wake Mama Neema, yaani mdogo wa mke wa mtani. Mjomba mwenyekiti, mimi mhazini, na katibu ni Mama Neema mwenyewe. Shikeni hapo kwenye katibu.

Mtani akaingia amechelewa, shati la kampuni limenyooshwa, beji inaning'inia shingoni. "Samahanini wajumbe, foleni ya kutoka kazini." Nikampigia makofi. Peke yangu. Nikadhani ukumbi haujaelewa kichekesho, na mimi mtu asipoelewa kichekesho huwa nateseka mpaka nimweleweshe.

Ikafika zamu ya mhazini kusoma ahadi. Nikasoma waliolipa, nikasoma waliolipa nusu, nikafika kwake. "Baba Neema, 500,000, bado." Ningekwenda jina linalofuata, leo ningekuwa na amani. Lakini nikavua miwani. Jamani, mtu akivua miwani katikati ya kusoma orodha, mnyang'anyeni daftari.

"Ila wajumbe," nikasema, "huyu tumwonee huruma. Mtani wangu siku hizi ni mstaafu. Amekatiwa siku 63 tu. Tukimkamua hii ahadi watoto watakula makande mpaka Pasaka. Katibu, naomba liingie kwenye muhtasari."

Wajumbe wakacheka. Mtani hakucheka. Sambusa ilikuwa imeshafika mdomoni, ikabaki hapo, haiingii, hairudi. Na katibu, kwa kuwa ni katibu mwaminifu kuliko wote mnaowajua, akainama akaandika, huku anajisomea kwa sauti ya chini kama kawaida yake: "Mhazini... aliomba... Baba Neema ahurumiwe... amekatiwa... siku sitini na..."

Kalamu ikasimama.

"Sitini na tatu za nini?"

Hapa ndipo ninapoamka usiku. Swali lilikuwa la kiutaratibu kabisa, lililoulizwa kwa upole, na mlango wa kutokea ulikuwa wazi. Ningeweza kusema natania. Ningeweza kuzimia. Badala yake nikamfafanulia hesabu. "Saba mara tisa, katibu. Siku saba kila mwaka, miaka tisa." Nikamwonyesha hata kwa vidole.

Mama Neema hakuniangalia mimi. Aliiangalia ile beji. Aliiangalia kuanzia kamba, akashuka taratibu mpaka kwenye picha, kisha akarudi juu mpaka kwenye uso wa mwenye picha, kana kwamba anahakiki kama ni mtu yule yule. Mjomba akakohoa. Mtu wa vinywaji akaingia akauliza nani aliagiza soda ya baridi, hakujibiwa, akaondoka nayo.

Kumbe kila asubuhi baba wa watu alikuwa anaoga, anavaa beji, anambusu mtoto, anakwenda kushinda kwenye duka la vipuri la rafiki yake Gerezani.

Najua mnachotaka kuniambia, kwamba mtani ana ruhusa, kwamba msibani mtani anavaa koti la marehemu na kuiga mwendo wake na wafiwa wanacheka. Sawa. Lakini msibani kila mtu anajua nani amekufa. Mimi nilivaa koti la marehemu mbele ya mjane aliyekuwa bado anamsubiri mumewe na chakula cha jioni. Na ule mzaha wa "mstaafu" alinipa mimi, kwenye simu, ndani ya gari, kwa sauti ya chini. Hakunipa ukumbi.

Sasa sikieni mwanamke wa Kipare. Hakulia, hakufoka. "Baba Neema, barua ina tarehe ngapi?" Akatajiwa. "Kabla ya kuwapunguza waliwaita mkakaa kikao cha mashauriano?" Hawakuitwa. Akahesabu kwenye kona ya muhtasari wa harusi, akafunga daftari, akasema kikao kimeahirishwa. Mwenyekiti akaitikia ndiyo.

Mengine yalikwenda haraka. Malalamiko ya kuachishwa kazi yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na za mtani zilikuwa zinayeyuka Gerezani kati ya bampa na taa za nyuma. Walifika na fomu yao muda ukiwa bado upo. Msianze kusema kumbe nilisaidia. Hoja hiyo nilimpelekea Mama Neema mwenyewe kwa simu, akakata. Nikampelekea mtani, akapokea, akanyamaza, akakata. Huyu mtu hata nyumba ya baba yake ilipoungua alinitania. Kunyamaziwa na mtani ni kitu kibaya, nikawa namwombea anitukane.

Juzi kikao kikaitishwa tena. Nikaenda mapema, nikakaa nyuma, sina neno. Tukafika kwenye yatokanayo. Katibu akasimama, akasoma muhtasari uliopita bila kuruka hata herufi, pamoja na "saba mara tisa", pamoja na vidole. Kisha akauliza kama kuna mjumbe mwenye hoja.

Mtani akanyoosha mkono. Hana beji, ana fulana ya Simba. Akasema kwa kuwa mhazini ameguswa sana na hali ya familia yake, anapendekeza ahadi ya Baba Neema ihamishiwe kwa mhazini. Ukumbi mzima ukaunga mkono, hata mtu wa vinywaji ambaye si mjumbe. Akanigeukia, meno yote nje: "Mpare, 500,000, bado. Au utakata rufaa?"

Nimeomba nilipe kwa awamu. Katibu ameandika.