"Hii Imeshafanywa"

Jumatatu jioni mpwa wangu alinipigia simu kutoka getini kwa chuo chao hapa Arua, Uganda. Hakusalimia. "Mjomba, wameikataa." Nikamuuliza sababu. "Wamesema imeshafanywa."

Yuko mwaka wa tatu, ualimu, Kiswahili na dini. Kilichokataliwa ni pendekezo lake la utafiti: alitaka kuchukua kipimo cha motisha ya masomo ambacho Vallerand na wenzake wa Kanada walikichapisha mwaka 1992, akipeleke kwa wanafunzi wa ualimu wa hapa, aone kama ari ya ndani inaendana na alama zao kama vitabu vinavyodai. Jopo la chuo linalopitia mapendekezo likamshauri aandike juu ya "mambo yanayoathiri motisha ya wanafunzi wilayani Arua." Ajabu! Hiyo ndiyo haijafanywa? Nenda duka la fotokopi lolote karibu na geti la chuo, kijana wa pale atakufungulia flashi yenye "mambo yanayoathiri" za kila wilaya kuanzia Koboko hadi Kabale. Unabadilisha jina la wilaya na mwaka, unalipa, unasubiri kuhitimu. Kurudia kwa namna hiyo tunakukubali, mradi usiseme kwamba unarudia.

Na hicho kipimo chenyewe ni marudio. Kilizaliwa kwa Kifaransa mwaka 1989. Makala ya 1992 ni ya watu waliokitafsiri kwa Kiingereza, kisha wakakijaribu upya kwa wanafunzi wengine. Wangekuwa na jopo letu, wangerudishwa nyumbani.

Lakini kilichoniuma zaidi ni dhana kwamba kurudia ni kazi ya mvivu. Nilikaa na binti huyu Jumamosi mbili juu ya hicho kipimo, nikaona jasho lake. Kina sentensi 28, katika mafungu saba ya sentensi nne nne. Swali ni moja: kwa nini unasoma chuo? Unajibu kila sentensi kwa namba, 1 hadi 7. Inaonekana rahisi mpaka uanze kutafsiri.

Kwanza neno lenyewe. Juu ya fomu aliandika "Hojaji ya Motisha." Akawajaribia wenzake sita, mmoja mmoja, akimwomba kila mtu aseme kwa sauti anachofikiri anapojibu. Wa kwanza akasoma kichwa, akacheka: "Motisha gani, na sisi hatujapewa?" Kweli, kwetu motisha ni bahasha. Ni posho ya semina, ni nauli uliyorudishiwa. Kichwa kikafutwa, sasa fomu inasema "Kwa Nini Ninasoma."

Halafu sentensi ya kwanza kabisa ya kipimo. Kwa maana yake inasema: kwa kuwa nikiwa na cheti cha sekondari tu, baadaye sitapata kazi yenye mshahara mzuri. Kule walikoitunga, anayejipa 7 hapo anasema anafukuzia mshahara, na ndiyo maana imewekwa kwenye fungu la msukumo wa nje. Mmoja wa wale sita, kijana ambaye kaka yake ana digrii na anaendesha bodaboda, alijipa 2. Je, hafukuzii mshahara? Anaufukuzia sana! Alieleza mwenyewe: "Hata na digrii, hiyo kazi iko wapi?" Alikuwa anajibu kuhusu soko la ajira. Namba ni ileile, maana nyingine kabisa.

Kasoro kama hiyo huonekana kwenye takwimu ukijua pa kutazama. Sentensi nne za fungu moja zinapaswa kupanda na kushuka pamoja. Unachukua kila sentensi unaipima dhidi ya jumla ya zile tatu zilizobaki. Ikiwa tatu zinashikana na moja inakwenda zake, na alfa ya Kronbaki, namba inayoonyesha jinsi sentensi za fungu zinavyoshikana, inapanda ukiitoa, basi hiyo moja watu wako wanaisoma tofauti. Huifuti kimyakimya. Unaripoti matokeo ikiwemo, halafu ikiwa haimo, na unasema watu sita walikueleza nini. Hapo mwanafunzi wa mwaka wa tatu amegundua kitu ambacho hakuna "mambo yanayoathiri" hata moja lingemgundulia, kwa sababu hakuna aliyempa cha kulinganishia.

Kuna pia fungu la wasiojua wanasoma kwa nini, wanaohisi wanapoteza muda. Gawa fomu hizo mhadhiri akiwa amesimama mlangoni, na jina liandikwe juu, uone kama utapata mmoja aliyekata tamaa. Wote watajipa 1, fungu zima litalala sakafuni, na usipokuwa na tofauti kati ya watu huna cha kulinganisha na alama. Dawa ni fomu bila jina na sanduku lenye tundu. Alama nazo ajaze mwenyewe kwenye fomu hiyohiyo, ingawa najua wengine watajiongezea.

Sasa niseme haki ya jopo, ingawa ulimi unakuwa mzito. Mwanachama mmoja aliuliza kwa nini watu 60 tu. Swali zuri. Mpwa wangu alikuwa amechukua 60 kwa sababu nauli inatosha 60. Bahati mbaya mzee huyohuyo akamwelekeza kwenye jedwali la Krejcie na Morgan la 1970, kama ilivyo desturi yetu: kundi la 300, sampuli 169, yaishe. Jedwali hilo linajibu swali la asilimia ya watu katika kundi. Halijui lolote kuhusu uhusiano unaotaka kuurudia.

Chukulia utafiti wa awali ulipata uhusiano wa 0.30 kati ya ari ya ndani na alama, ambapo sifuri ni hakuna uhusiano na 1 ni uhusiano kamili. Wewe na watu wako 60 unapata 0.12. Kompyuta inasema si muhimu kitakwimu, nawe unaandika kwa mbwembwe: "Matokeo ya Wazungu hayafanyi kazi Uganda." Ngoja kwanza. Kwa watu 60, masafa ya uhakika ya asilimia 95 kuzunguka 0.12, yaani eneo ambamo uhusiano halisi huenda umo, yanaanzia −0.14 hadi 0.36. Ndani yake sifuri imo, na ile 0.30 imo pia. Hujakanusha wala hujathibitisha, umetumia nauli tu. Ukitaka nafasi ya asilimia 80 ya kuiona 0.30 kama kweli ipo, unahitaji watu wapatao 85. Na kwa kuwa namba zinazochapishwa mara nyingi ni zile zilizobahatika kuwa kubwa, afadhali ujiandae kwa 0.20, ambayo inataka watu wapatao 194. Si porojo: mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia. Za awali, asilimia 97 zilikuwa na matokeo muhimu kitakwimu. Kwenye marudio, 36.

Tumeandika upya. Kichwa sasa kinasema wazi kwamba ni marudio. Kuna ukurasa mmoja wenye kila sentensi iliyobadilishwa na sababu yake, umetiwa tarehe kabla fomu hata moja haijatoka, ili baadaye asije akaambiwa alipindisha maneno baada ya kuona majibu. Watu ni 200, kutoka miaka yote mitatu. Fomu ni kurasa mbili, fotokopi shilingi mia kwa ukurasa, jumla elfu arobaini.

Nimemtumia pesa hizo jana. Yule kijana wa duka, ananiambia, alipoona kazi yenyewe alishangaa: "Dada, si ningekupa iliyokwisha?"