Akihama mwenzenu, kufuta profaili yake si kumtoa

Ilikuwa usiku wa Ijumaa baada ya Isha. Tulikuwa watatu sebuleni kwetu Fuoni, Unguja, urojo uko mezani, hakuna aliyekuwa na haraka. Tukawasha televisheni, tukafungua Netflix, na badala ya filamu likatokea tangazo kwamba televisheni hii haimo katika kaya ya akaunti hii. Akaunti ni yangu. Kadi inayokatwa kila mwezi ni yangu. Televisheni iko ndani ya nyumba ninayoilipia kodi. Nikabaki naisoma sentensi ile mara tatu.

Miezi miwili nyuma tulikuwa wanne. Mwenzetu mmoja alipata kazi ya ualimu kwao Wete, Pemba, akafunga vitu vyake, na televisheni ya sebuleni, ambayo ilikuwa yake, akaitia kwenye boksi akapanda nayo boti. Tulimsindikiza mpaka bandarini Malindi. Niliporudi nyumbani nilifanya kitu kimoja tu kuhusu akaunti: nikaifuta profaili yake. Nikajiona nimemaliza.

Sikuwa nimemaliza chochote, na ndiyo maana naandika. Watu wengi tunaochangia akaunti tunadhani profaili ndiyo funguo ya mlango. Profaili ni kabati tu mle ndani: inaweka ulichotazama, ulipofikia na orodha yako. Anayeingia ndani anaingia kwa imeili na paswedi, na kifaa kikishaingia mara moja hakiulizi tena. Televisheni ile ilikuwa imeingia kwenye akaunti yangu tangu siku tuliyoifunga ukutani. Ilivuka bahari ikiwa imeingia vile vile. Ilipowashwa Wete kwa mama yake, ilionesha profaili zetu watatu, na ya kwake haimo. Akachagua moja, akatazama.

Simlaumu. Nilipompigia alinijibu kwa upole kabisa: "Yakhe, mimi nilidhani bado mnanihesabu. Hamkuniambia kitu." Kweli hatukumwambia kitu. Nilimwondolea kabati lake kimya kimya halafu nikatarajia aelewe kuwa mlango umefungwa.

Sasa ilikuwaje sisi ndio tukatolewa? Tangu mwaka 2023 Netflix imekuwa ikilisimamia kwa nguvu sharti lake kwamba akaunti moja ni ya watu wanaoishi nyumba moja. Kwenye kioo kaya hiyo wanaiita Netflix Household, na kila akaunti ina moja tu. Huijua hasa kwa kuangalia televisheni imeunganishwa na intaneti ipi, pamoja na vitambulisho vya vifaa na namna akaunti inavyotumika. Sisi wapangaji wanne chini ya paa moja tulikuwa ndani ya sharti hilo bila wasiwasi. Aliyehamia Wete hakuwemo tena, tupende tusipende. Televisheni yake ilipokutana na intaneti ya Pemba ilimwambia haimo katika kaya, ikampa kitufe cha kusasisha. Akabonyeza. Kiungo cha kuthibitisha kikaja kwenye imeili yangu, mchana, nipo kazini. Wiki ile tulikuwa tumebadilisha ruta, nikajua ni sisi, nikathibitisha. Kwa kidole changu mwenyewe nikaihamisha kaya kutoka Fuoni kwenda Wete.

Kuirudisha hakukuwa kazi: usiku ule ule tulisasisha kaya kutoka kwenye televisheni yetu mpya, kiungo kikaja, safari hii nikakisoma. Lakini simu ile ya kumuuliza ndugu kama bado anatazama kwa hela yangu ilikuwa ngumu kuliko kazi yote ya mitambo, na ingeweza kuepukwa kwa mazungumzo ya dakika kumi kabla ya boti kuondoka.

Chumba cha yule wa Wete kilipata mpangaji, tukawa wanne tena, na mwenzetu wa pili alipopata kazi Dar tulifanya kwa mpangilio, na nasisitiza neno mpangilio, kwa sababu hatua zenyewe ni chache ila zikipishana zinaumiza mtu.

Kwanza profaili. Tangu 2022 mtu anaweza kuihamisha profaili yake kwenda kwenye akaunti yake mwenyewe kwa kipengele kinachosomeka Transfer Profile. Mwenye akaunti anakiruhusu katika mipangilio, na anayehama anaweka imeili na paswedi yake, anachagua kifurushi chake. Historia, orodha na mapendekezo yake vinakwenda naye. Hili lifanyike kabla ya kufuta chochote, maana ukiifuta kwanza hana cha kuhamisha. Yule wa Wete alikuwa na miaka miwili ya historia mle ndani na mimi niliifuta kwa sekunde moja. Nilimwomba radhi kwa hilo kuliko kwa jengine lolote. Kwa anayekwenda kukaa peke yake, kifurushi cha simu kinatosha na ndicho cha bei ya chini, ingawa hakifungui televisheni.

Pili vifaa, lakini si siku hiyo hiyo. Mwenzetu wa Dar alikuwa amepakua vipindi kwenye simu ili atazame ndani ya boti. Kifaa kikitolewa kwenye akaunti, vilivyopakuliwa hufutika kikishapata mtandao. Kwa hiyo tukasubiri afike, atume ujumbe kwamba ameshuka salama, na mwezi aliolipia uishe, ndipo nikafungua Manage Access and Devices. Pale unaona kila kifaa kilichotumika karibuni, kwa profaili ipi, lini, na takriban kiko wapi. Unatoa kimoja kimoja bila kuwasumbua waliobaki. Hapo ndipo nilipoiona pia simu niliyoiuza zamani, bado imo. Nikaitoa.

Tatu paswedi. Kuibadilisha kuna kisanduku cha kuchagua kutoa vifaa vyote, na mtu asipokitia alama, vilivyokwishaingia huweza kubaki ndani. Mimi nakitia alama, halafu tunaingia upya nyumbani, kazi ya dakika tano. Wakati huo huo angalia namba ya simu iliyoandikwa kwenye akaunti. Kwetu ilikuwa namba ya huyo anayehama, kwa sababu siku tunafungua akaunti simu yangu ilikuwa haina chaji. Mwenye namba hiyo anaweza kuitumia kuomba paswedi mpya, hata kama hana nia mbaya yoyote.

Kuhusu pesa nina msimamo, na najua wengine hawakubaliani nami. Umeme wa Tukuza, ule wa kulipia kabla, ukiisha nyumba nzima inaona giza na kila mtu anatia mkono mfukoni. Akaunti ya filamu haifanyi hivyo. Inakata kimya kimya kwenye kadi ya mtu mmoja, kwa tarehe yake, na bei kwa shilingi inapanda na kushuka na dola. Ndiyo maana hesabu yake lazima ifungwe kwa tarehe ya makato, si tarehe ya kuhama.

Sisi tulikuwa tunakatwa tarehe 11. Kwa wakati ule mchango wetu ulikuwa shilingi 24,000 kwa watu wanne, yaani 6,000 kila mmoja, na huyu alikuwa ameshalipa ya Juni. Aliondoka asubuhi ya tarehe 23. Mwezi wake ulianza tarehe 11 Juni na kuisha tarehe 10 Julai, siku 30, sawa na shilingi 200 kwa siku. Alikuwa ametumia siku 12, zimebaki 18. Kampuni hairejeshi pesa ya siku zilizobaki. Kuna njia mbili tu za haki: ama aachiwe atazame kwenye simu yake mpaka tarehe 10, ama tukitaka kumtoa mara moja tumrejeshee shilingi 3,600. Kuchukua pesa ya mtu ya mwezi mzima na kumfungia nje akiwa bado ndani ya boti sikuiona sawa, hata kama ni bei ya sahani chache za urojo. Tulimwachia, akatolewa tarehe 10 usiku. Kuanzia tarehe 11 tukalipa watatu, 8,000 kila mmoja. Ile nyongeza ya 2,000 tuliijua wiki mbili kabla, na hakuna aliyenung'unika.

Akaunti yetu inaruhusu vioo viwili kwa wakati mmoja. Hii pia ni njia ya kujua kama kuna mtu bado yumo: mkiwa na televisheni moja tu iliyowashwa, nyinyi wote mko sebuleni, na likaja onyo kwamba watu wengi mno wanatumia akaunti, basi kuna vioo viwili vimewaka kwengine. Kabla ya kugombana, fungueni orodha ya vifaa muangalie.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni pale anayehama akiwa ndiye mwenye imeili na kadi. Nimeona nyumba moja ya Kikwajuni waliobaki wakimbembeleza awaachie akaunti vile vile, watamtumia mchango kwa simu kila mwezi. Mwezi wa kwanza walituma. Wa pili walituma nusu. Wa tatu yeye alikatwa yote, na alikuwa ana aibu ya kudai, kwa sababu waliobaki mmoja wao ni shemegi yake. Kukabidhi paswedi hakuiondoi kadi, na kuikubali akaunti yenye imeili ya mtu aliyekwisha kuondoka ni kukaa nyumba ambayo funguo anayo mwengine.

Hapo mimi nasema akaunti ife, ila ife kwa utaratibu. Mmoja wa wanaobaki ahamishe profaili yake kwenda akaunti mpya kwa imeili na kadi yake, akaunti ya zamani ikiwa bado hai. Wenziwe wahamishe zao kwenda kwenye hiyo hiyo mpya, maana Netflix inaruhusu kuhamishia kwenye akaunti iliyokwishakuwepo. Kila mmoja akishaiona orodha yake upande wa pili, mwenye kadi ndio asitishe, siku kadhaa kabla ya tarehe yake ya makato. Akisitisha haikatiki pale pale, inaendelea mpaka mwisho wa mwezi uliolipiwa, kwa hiyo hakuna anayekosa siku aliyoilipia.

Yule wa Wete sasa ana akaunti yake na mama yake anatazama nayo. Juzi kanipigia, anataka kujua nyumba yao ikipata mpangaji chumba cha nje, naye atahesabiwa wa kaya ile au laa. Nimemwambia amuulize kwanza mpangaji mwenyewe anakusudia kukaa mpaka lini.