Barua ya picha za mahafali: mwalimu mkuu ameiogopa linki, na ana sababu

"Mwalimu mkuu wa shule ya mwanangu hapa Moshi ametuletea barua ya kurasa mbili. Picha za mahafali ya darasa la saba zitakaa kwenye albamu moja, kila mzazi ajaze fomu ya ridhaa na aandike anwani yake ya barua pepe, na picha zisirushwe kwenye grupu la wazazi. Miaka yote zimerushwa kwenye grupu na hatujasikia mtoto aliyedhurika. Huku si kutusumbua bure?"

Usumbufu upo, na unawaangukia zaidi wale ambao barua haikuwafikiria. Bibi wa Kibosho anayemlea mjukuu huku wazazi wakiwa Dar es Salaam ana simu ya batani. Kwake barua pepe ni habari ya ofisini. Hata mzazi mwenye simu janja mara nyingi atakwambia hana anwani ya barua pepe, ingawa kwa kawaida anayo, maana simu za Android zinadai akaunti ya Google kabla ya kushusha programu kutoka Play Store. Afungue Play Store, aguse kile kiduara kilichopo juu kulia, ataiona anwani yake inayoishia na @gmail.com. Sentensi moja ya namna hiyo kwenye barua ingepunguza nusu ya manung'uniko.

Suala la bando nalo ni la kweli. Picha moja ya kamera nzuri ni kama MB 4, kwa hiyo picha 400 za siku nzima ni GB 1.6. Kwenye grupu WhatsApp huzibana picha kabla ya kuzituma, ndiyo maana mzazi anaona grupu ni rahisi. Lakini albamu haimlazimishi kushusha zote. Anafungua, anapitia vipicha vidogo, anachagua kumi za mwanawe, anashusha MB 40 na kufunga. Grupu, kwa mzazi ambaye simu yake imewekwa kushusha kila kitu yenyewe, humjazia simu picha za watoto wa watu wengine.

Hayo ndiyo ya upande wa wazazi, na shule ingeweza kuyamaliza kwa wiki moja. La mwalimu mkuu ni zito zaidi, na nadhani limeeleweka vibaya kwa sababu barua imelieleza kwa lugha ya kanuni badala ya kuonyesha kinachotokea.

Kinachotokea kiko hivi. Folda ya picha kwenye Google Drive ina sehemu iitwayo General access, na hapo pana chaguo mbili zinazotuhusu. Ya kwanza ni Restricted: anaingia yule tu ambaye anwani yake imeandikwa. Ya pili ni Anyone with the link: anaingia yeyote mwenye linki, awe na akaunti au asiwe nayo, awe mzazi au mpita njia. Mwalimu mwenye haraka huchagua ya pili kwa sababu haina maswali. Anaibandika linki kwenye grupu la wazazi 60, kazi imekwisha. Mzazi mmoja anamtumia dada yake aliyeko Arusha aone mpwa wake alivyopendeza. Dada anaiweka kwenye grupu la ukoo. Hakuna aliyekosea hapo, kila mmoja amefanya kwa upendo. Ila kuanzia saa hiyo swali la "nani anaziona picha hizi" halina jibu tena, hata kwa mwenye folda, kwa sababu aliyeingia kwa linki bila akaunti haachi jina.

Na linki haipeleki picha moja. Picha ikirushwa peke yake, imekwenda hiyo moja. Linki inapeleka folda nzima, pamoja na picha zitakazoongezwa kesho na keshokutwa. Mle ndani kuna sweta lenye nembo ya shule, kuna bango lenye jina la shule na mwaka, na mara nyingi mpiga picha ameyapa mafaili majina ya watoto na mikondo yao ili apate urahisi wa kuuza. Mtu asiyemjua mtoto anaondoka na sura, jina, shule na darasa kwa mguso mmoja.

Nani wa kuogopwa? Wazazi wengi humfikiria mhalifu wa mbali. Mara nyingi shida iko karibu zaidi. Kuna mama aliyehama mkoa na mtoto baada ya ndoa iliyokuwa na vipigo, na hataki ijulikane yuko wapi. Kuna mtoto ambaye ulezi wake uliamuliwa mahakamani. Kuna mtoto mwenye ualbino, ambaye familia yake ina kila haki ya kuchagua nani ajue anasoma wapi. Familia hizi hazisimami kwenye kikao cha wazazi kueleza. Zinanyamaza. Kwa hiyo mzazi anaposema "hatujasikia mtoto aliyedhurika", anasema kweli, lakini aliyeathirika huenda alihamisha mtoto kimya kimya na hakuna aliyeuliza.

Sheria nayo imesimama upande huo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti, na kwa kawaida taarifa nyeti hazishughulikiwi bila ridhaa ya maandishi. Aliyetoa ridhaa anaweza kuiondoa. Fomu ya mwalimu mkuu basi haikutokana na kupenda makaratasi.

Hata hivyo fomu yenyewe ina kasoro mbili, na hapa simtetei. Ya kwanza: inasema asiyerudisha fomu ndani ya siku saba atahesabiwa amekubali. Ukimya si ridhaa, na wanaonyamaza ndio hasa tuliowataja juu. Iandikwe kinyume chake: asiyerudisha fomu, picha ya mwanawe haiingii kwenye albamu mpaka mwalimu wa darasa ampigie simu na kupata saini. Ya pili: fomu ina saini moja kwa mambo matatu yasiyofanana. Kupigwa picha kwa kumbukumbu ya shule ni jambo moja. Kuwekwa kwenye albamu ya wazazi wa darasa ni la pili. Kutumika kwenye tangazo la kutafuta wanafunzi wapya ni la tatu kabisa. Mzazi anaweza kukubali mawili ya kwanza na kukataa la tatu, na anastahili visanduku vitatu vya kuweka alama, kila kimoja na "ndiyo" na "hapana" yake.

Sasa tuchukue darasa la wanafunzi 60 ambamo wazazi wawili wamesema hapana kwenye albamu. Hapa ndipo shule nyingi hukwama, kwa sababu ya picha ya pamoja. Njia mbaya kuliko zote ni kuwatoa wale wawili kwenye mstari mbele ya wenzao, siku yao ya mahafali, wakiwa wamevaa majoho. Njia nyingine iliyozoeleka, ya kuwavalisha utepe wa rangi, inawatangaza vilevile. Kinachofanya kazi ni mwalimu wa darasa kupanga mistari mwenyewe, orodha ikiwa mkononi mwake na si kwa mpiga picha, na kuwasimamisha wale wawili mwisho wa mstari, upande mmoja. Wote 60 wanapigwa. Baadaye picha ya albamu inakatwa ukingo huo, na nakala kamili inachapishwa kwa karatasi kwa ajili ya familia zile mbili na kumbukumbu ya ofisi. Kufifisha uso katikati ya mstari hakutoshi, kwa kuwa watoto 58 waliobaki wanajua nani alisimama pale, na doa lenyewe linamwonyesha.

Katika kukata huko ndimo kosa hujificha. Programu nyingi za picha kwenye simu, ukikata na kuhifadhi kama nakala, huiacha picha ya awali palepale pembeni. Mwalimu anachagua folda yote na kuipakia, na ile isiyokatwa inapanda pamoja nayo. Kwa hiyo picha za kupakiwa zihamishiwe kwanza kwenye folda mpya iliyo tupu, zihesabiwe, kisha mtu wa pili mwenye orodha azipitie moja moja kabla ya mzazi yeyote kuongezwa. Hapohapo majina ya mafaili yabadilishwe yawe ya tukio na namba tu, kama mahafali-001.

Wazazi wapewe haki ya Viewer, yaani ya kutazama na kushusha tu, wala si Editor. Shule zenye moyo mwema hutoa Editor ili wazazi waongeze picha zao, bila kujua kwamba Editor anaweza kuziondoa za wengine kwenye folda na, mipangilio ikiachwa ilivyo, kualika watu wapya. Mzazi mwenye picha nzuri amtumie mwalimu wa darasa, naye aipitishe kwenye orodha ileile.

Albamu ifunguliwe kwa akaunti ya shule. Ikikaa kwenye akaunti binafsi ya mwalimu kijana anayejua kompyuta, siku atakapopata uhamisho kwenda Tabora picha za watoto zitaondoka naye, na mzazi akitaka moja ifutwe hakuna wa kumwambia. Nywila ijulikane na watu wawili, mwalimu mkuu na mmoja aliyemteua.

Mzazi anayetaka kujua kama shule imefanya ilivyoahidi anaweza kupima mwenyewe. Anakili linki ya albamu, afungue Chrome, aguse nukta tatu, achague New Incognito tab, aibandike humo bila kuingia kwenye akaunti yoyote. Ikimtaka aingie kwanza, albamu imefungwa vizuri. Picha zikifunguka papo hapo, iko wazi kwa dunia, barua iseme isemavyo.

Kwa bibi wa Kibosho jibu ni karatasi: fomu iwe na mstari wa "nataka picha mbili zilizochapishwa", azichukue siku ya kufuata matokeo. Na barua ingetaja tarehe ya kufunga albamu, tuseme siku 60 baada ya mahafali, majina ya wazazi yaondolewe na folda ibaki ya ofisi. Itaje pia kwa uwazi kwamba mzazi akiondoa ridhaa baadaye, shule itafuta picha ya mwanawe, lakini nakala ambazo wengine wameshazishusha kwenye simu zao haiwezi kuzirudisha. Hilo mzazi alijue kabla hajashika kalamu.