Mapigo 21 au simulizi moja mara tatu?

"Mihuri saba, baragumu saba, vitasa saba: je, hayo ni mapigo 21 yanayofuatana, au ni mambo yale yale yanasimuliwa mara tatu? Na kama yanafuatana, sasa hivi tuko kwenye baragumu la ngapi?"

Swali hili la kitabu cha Ufunuo lina majibu mawili, lakini kwanza tuelewane kuhusu neno moja. Kijana wa leo akisoma kwamba malaika saba wamepewa vitasa, anaona kitasa cha mlango na ufunguo wake. Katika Biblia ya Muungano kitasa ni bakuli pana la kumiminia, na tafsiri mpya zimeamua kuandika "mabakuli". Neno hilo hilo limetumika katika Ufunuo 5:8, ambapo vitasa vya dhahabu vimejaa manukato, "ambayo ni maombi ya watakatifu". Kwa hiyo mtu anayefika sura ya 16 asishangae vyombo vile: amekwisha kuviona mahali pa ibada.

Wanaosema mapigo yanafuatana wana hoja nzito. Kitabu cha sura ya 5 kimefungwa kwa mihuri saba, na muhuri wa saba unapofunguliwa katika 8:1, kinachofuata ni kimya cha kama nusu saa, kisha malaika saba wanapewa baragumu. Muhuri wa saba hauna pigo lake mwenyewe, ni kama mlango unaofungukia kwenye baragumu. Halafu tazama viwango. Muhuri wa nne unagusa robo ya nchi. Baragumu zinagusa theluthi: theluthi ya miti, ya bahari, ya mito, ya jua. Vitasa havina sehemu. Katika 16:3 bahari inakuwa damu kama ya mfu, na kila kiumbe hai kilichomo kinakufa. Robo, theluthi, yote: mwenye macho anaona ngazi inapanda. Na 15:1 inaita vitasa mapigo saba ya mwisho, kwa kuwa ghadhabu ya Mungu inatimia ndani yake. Cha mwisho lazima kiwe na kilichotangulia.

Kuna na jambo dogo ambalo wengi hulipita. Nzige wa baragumu la tano wanaambiwa wawadhuru watu wasio na muhuri wa Mungu katika vipaji vya nyuso zao (9:4). Wenye muhuri huo walitiwa katika sura ya 7. Kitasa cha kwanza nacho kinawapiga wenye chapa ya mnyama, na chapa hiyo tumeijua katika sura ya 13. Msimulizi anajenga, hapangi vipande ovyo.

Lakini sasa jaribu kuyapanga matukio hayo kwenye mstari mmoja uone yanavyogoma. Muhuri wa sita unapofunguliwa, jua linakuwa jeusi, nyota zinaanguka kama mtini unavyopukutisha matunda machanga kwa upepo, mbingu inakunjwa kama ukurasa, na kila mlima na kisiwa kinahamishwa mahali pake. Wafalme na watumwa wanaiomba milima iwaangukie. Sura mbili tu mbele, baragumu la nne linapiga theluthi ya jua, mwezi na nyota. Nyota zipi, kama zilikwisha kuanguka? Kisha katika 16:20 visiwa vinakimbia na milima haionekani tena, wakati ilikwisha kuhamishwa kwenye sura ya 6. Hata ndani ya baragumu zenyewe, la kwanza linateketeza majani mabichi yote (8:7), na la tano linawakataza nzige wasiyadhuru majani ya nchi.

Ushahidi mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, uko pale baragumu la saba linapolia katika 11:15. Sauti mbinguni zinatangaza kwamba ufalme wa dunia umekuwa wa Bwana na wa Kristo wake, na mstari wa 18 unasema wakati wa kuwahukumu waliokufa umefika. Huo ni mwisho. Geuza ukurasa mmoja: mwanamke ana utungu, anazaa mtoto mwanamume atakayewachunga mataifa kwa fimbo ya chuma. Wasomaji wengi wa Kikristo humwona Kristo katika mtoto huyo, na hakuna anayedai alizaliwa baada ya hukumu. Yohana amerudi nyuma bila kuomba radhi. Anaposema "kisha nikaona", anatupa mpangilio wa alivyoona, na si lazima uwe mpangilio wa yatakavyotokea.

Hili halikubuniwa juzi. Viktorino, askofu wa Petau aliyekufa mwanzoni mwa karne ya 4, ndiye mwandishi wa ufafanuzi wa Kilatini wa kitabu hiki ulio wa kale kuliko yote iliyotufikia, na alifundisha kwamba Roho akifika mwisho hurudia nyakati zile zile kueleza yaliyosemwa kwa ufupi. Tikonio wa Afrika ya Kaskazini akaifanya kuwa kanuni ya kusomea, na Agostino akaipokea.

Ukiweka baragumu na vitasa kando kwa kando, kurudia kunaonekana wazi. La kwanza na cha kwanza vinaangukia nchi, vya pili bahari, vya tatu mito na chemchemi, vya nne jua, vya tano vinaleta giza na maumivu, vya sita viko kwenye mto Frati. Nyuma yake unasikia Misri ya kitabu cha Kutoka: damu, majipu, mvua ya mawe, nzige, giza, hata vyura.

Mimi naegemea upande wa kurudia, ila si kurudia kwa santuri iliyokwama. Angalia umeme na ngurumo. Katika 4:5 zinatoka kwenye kiti cha enzi tu. Mwisho wa mihuri (8:5) tetemeko linaongezwa. Mwisho wa baragumu (11:19) inaongezwa mvua ya mawe. Mwisho wa vitasa tetemeko ni kubwa kuliko lolote tangu wanadamu wawepo, na kila jiwe la mvua lina uzani wa talanta. Kila mzunguko unaishia mahali pamoja, lakini kila mara tumesogezwa karibu zaidi. Ndiyo maana ngazi ya robo na theluthi ni ya kweli, bila kuwa kalenda. Upande huu nao una udhaifu wake: neno "ya mwisho" la 15:1 haliyeyuki kirahisi, na mihuri minne ya kwanza, yenye farasi, haina jozi katika baragumu.

Basi lile swali la baragumu la ngapi. Mwaka 1986 kinu cha nyuklia cha Chernobyl kilipolipuka, wengi walishika baragumu la tatu, nyota iitwayo Pakanga inayotia maji uchungu, kwa sababu jina la mji ule linahusishwa na mmea wa jamii ya pakanga. Lakini fuata kanuni yao wenyewe ya kufuatana. Kama la tatu ni 1986, la pili lilipaswa kuwa limekwisha kulia, na theluthi ya merikebu za dunia imeharibiwa kabla ya mwaka huo. Na kabla ya hapo mbingu iwe imekunjwa. Waliofurahia jina la mmea hawakurudi kuhesabu merikebu.