Mlalamikiwa ndiye katibu: nani amchunguze mwalimu mkuu?

Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013 inamfanya mkuu wa shule kuwa katibu wa bodi ya usimamizi. Siku nyingi mpango huo haumsumbui mtu. Mwalimu mkuu anaandaa ajenda pamoja na mwenyekiti, anaandika kumbukumbu za mkutano, anatunza mafaili, na kazi inakwenda. Shida huanza siku barua inapoingia ofisini ikiwa imeandikwa "Kwa Katibu, Bodi ya Usimamizi", na ndani yake katibu huyohuyo anatuhumiwa kuiba. Atakayeifungua ni yeye, na atakayeamua iingie kwenye ajenda au ipotelee kwenye droo ni yeye pia. Waswahili wana msemo wa kesi ya ngedere kupelekewa nyani, ila hapa ngedere anapelekewa kesi yake mwenyewe.

Basi nani achunguze? Wapo wanaosema bodi, na wapo wanaosema isiiguse kabisa. Nitatumia mfano mmoja wa kutunga, lakini wa aina inayojulikana katika shule yoyote ya bweni.

Tuseme shule iliagiza mahindi, magunia 120 ya kilo 90 kwa shilingi 4,000 kila gunia. Hati ya kuagiza inasema 120, ankara ya muuzaji inasema 120, fomu ya kupokea bidhaa stoo, ile S13, imetiwa saini kwa 120, na hundi imelipwa yote. Lakini daftari la mlinzi getini linaonyesha lori moja tu, na mlinzi, kwa mazoea yake, aliandika "mahindi, gunia 84". Mwakilishi wa wazazi anapata fununu na kuandika barua. Tofauti ni magunia 36, yaani shilingi 144,000.

Wanaotetea bodi wana hoja nzito kuliko inavyodhaniwa. Bodi iko karibu. Mwanachama anayeishi kilomita mbili kutoka shuleni anaweza kufika stoo asubuhi ileile, wakati afisa wa kaunti ana mamia ya shule na pengine gari moja. Bodi inajua pia mambo yasiyoandikwa popote, kwa mfano kwamba muuzaji wa mahindi ni shemeji ya mtu fulani. Tena Tume ya Huduma za Walimu, TSC, yenyewe imezikabidhi bodi za shule za sekondari kazi ya kuchunguza tuhuma dhidi ya walimu wa kawaida, mwakilishi wa tume akiwepo. Kama bodi inaaminika kumchunguza mwalimu wa Kemia, kwa nini isiaminike kwa mkuu wake?

Jibu limo katika muundo wa bodi yenyewe. Sheria inaipa wajumbe 6 wa wazazi au jamii, 1 aliyeteuliwa na bodi ya elimu ya kaunti, 1 wa walimu, 3 wa mfadhili wa shule, ambaye mara nyingi ni kanisa, 1 wa makundi yenye maslahi maalumu katika jamii, na 1 wa watu wenye mahitaji maalumu. Mwakilishi wa walimu anatathminiwa kazini na mwalimu mkuu huyohuyo. Mwanachama wa kamati ya fedha ndiye aliyeidhinisha malipo ya yale magunia 120, kwa hiyo kumchunguza mkuu ni kujichunguza mwenyewe. Mtunza stoo aliyetia saini S13 ameajiriwa na bodi, na mkataba wake hupendekezwa na mkuu. Ukiwaondoa hawa, wanaobaki huru ni wachache kuliko idadi inavyoonyesha.

Upendeleo, hata hivyo, hauelekei upande mmoja tu, na hapa ndipo wengi wa upande wa pili wanapoteleza. Hudhani hatari ni bodi kumkinga mkuu. Lakini zipo shule ambako wazazi wamefunga geti kwa minyororo wakidai mkuu aondoke, na sababu halisi ni kwamba si mwenyeji, au alikataa kumpa mtu wao zabuni ya kuni. Bodi ya namna hiyo ikipewa uchunguzi, itapata kosa hata pasipokuwa na kosa. Mkuu wa shule anahitaji mchunguzi asiye na upande kama mlalamishi anavyomhitaji.

Ndiyo maana inabidi kutenganisha mambo ambayo kwenye mikutano huchanganywa: kupokea lalamiko, kuchunguza, na kuamua. Kuamua hakumo mikononi mwa bodi. Ibara ya 237 ya Katiba ya Kenya imeipa TSC mamlaka ya nidhamu juu ya walimu, na mkuu wa shule ni mwalimu wa tume. Bodi inayomwandikia mkuu barua ya kumfukuza imeandika karatasi tupu. Kuchunguza ndiko kunakobishaniwa. Kupokea, kwa maoni yangu, ni kazi ya bodi bila ubishi, na ndiyo inayofanywa vibaya zaidi.

Turudi kwenye magunia. Kosa la kwanza hutokea barua inapomfikia mwenyekiti. Anaitisha kikao cha bodi nzima, barua inasomwa kwa sauti, mkuu anajitetea papo hapo, watu wanapandisha sauti, na kufikia jioni kila mwanachama ana msimamo. Mkutano huo umeharibu mawili kwa mpigo. Hakuna tena mjumbe anayeweza kukaa baadaye kusikiliza kwa akili tulivu, na mlinzi wa getini ameshajulikana kuwa shahidi kabla ya daftari lake kuchukuliwa.

Uingereza wamelifikiria hili kwa njia ninayoipenda. Lalamiko dhidi ya mwalimu mkuu huenda kwa mwenyekiti wa bodi, na wajumbe wengine wa bodi hawapewi undani wake, ili wabaki wa kuunda jopo iwapo mlalamishi hataridhika. Kwa zile shule zinazoitwa akademi, kanuni za mwaka 2014 zinadai jopo la watu wasiopungua 3 wasiohusika na suala lenyewe, na mmoja wao awe nje kabisa ya uongozi wa shule. Bodi ya Kenya inaweza kuiga nusu ya kwanza bila kubadilisha sheria: mwenyekiti asome barua, amwambie makamu wake tu, na wengine waambiwe kwamba lipo lalamiko linaloshughulikiwa, basi.

Linalofuata ni kulinda ushahidi, na hapa ukaribu wa bodi una thamani kubwa. Siku hiyohiyo, kabla mkuu hajajulishwa undani, mwenyekiti achukue daftari la geti, kitabu cha S13, fomu za S11 za kutolea bidhaa stoo, na faili la malipo, mbele ya shahidi, kila kitu kiorodheshwe na kutiwa saini, na nakala ibaki shuleni ili jikoni pasikwame. Kumbukumbu za hatua hizi aandike mtu mwingine, si katibu.

Nimetaja S11 kwa sababu ndizo zinazosema ukweli hata daftari la mlinzi likipotea. Kama jikoni hutolewa magunia 2 kwa siku, magunia 120 yanapaswa kufika siku 60. Ikiwa oda nyingine ya mahindi ilitolewa baada ya siku 42, stoo ilikuwa na magunia 84. Hesabu hiyo haihitaji shahidi jasiri, na haijali barua ya malalamiko ilikuwa na jina au haikuwa nalo. Barua isiyo na jina haitoshi kumtia mtu hatiani, lakini inatosha kumfanya mtu afungue kitabu. Bila shaka anayekagua aulize pia kama wanafunzi waliongezeka, au kama gunia zilioza na kutupwa kwa idhini, maana pengo la stoo huweza kuwa na maelezo halali.

Baada ya hapo bodi ikae kando. Mwenyekiti aandike kwa mkurugenzi wa TSC wa kaunti, na kwa kuwa ni fedha, aombe wakaguzi wa shule wa Wizara ya Elimu. Hapa wanaotetea bodi wana pingamizi la mwisho, na siwezi kulipuuza: mkurugenzi wa kaunti hukutana na wakuu wa shule mara kwa mara, huwategemea kwa takwimu na mitihani, na humaliza mambo mengi kwa kumhamisha mkuu kwenda shule nyingine pamoja na tabia yake. Ni kweli. Umbali peke yake hauleti usawa. Tofauti ni kwamba mkurugenzi hakuidhinisha malipo ya magunia, wala mkataba wake hautegemei kalamu ya mkuu huyo. Na akikalia faili, mwenyekiti mwenye orodha iliyotiwa saini ana kitu cha kupeleka makao makuu ya TSC au Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi. Asiye na orodha ana maneno tu.

Haki za mtuhumiwa zianze pale uchunguzi unapoanza, si mwishoni. Sheria ya Haki katika Hatua za Kiutawala ya mwaka 2015 inataka apewe taarifa mapema ya anachotuhumiwa, apate nafasi ya kujieleza, na aone ushahidi utakaotumiwa dhidi yake. "Umefuja mali ya shule" si tuhuma anayoweza kuijibu. "Ulilipia magunia 120 na yakaingia 84" anaweza. Baadhi ya wajumbe huona taratibu hizi ni kumbembeleza mwizi. Mimi naona kinyume: mahakama inaweza kubatilisha uamuzi kwa sababu utaratibu ulikiukwa, hata kama mahindi kweli yaliibiwa, na bodi yenye haraka ndiyo inayompa wakili wa mkuu hoja yake bora.

Kuna aina moja ya lalamiko ambapo mizani yote hii haitumiki. Mkuu akituhumiwa kumdhulumu mwanafunzi kingono, bodi haina cha kuchunguza hata kwa saa moja. Waraka wa TSC namba 3 wa mwaka 2010 unataka taarifa itolewe ndani ya saa 24, na polisi ndio wenye kazi. Mwenyekiti anayemwita mtoto ofisini "asikie upande wake" kwanza ameharibu ushahidi hata akiwa na nia njema. Anayewaita wazee wa pande mbili wakae amefanya baya zaidi.

Linabaki swali la mwenyekiti mwenyewe. Katika shule nyingi mwenyekiti na mkuu ni marafiki, na uhusiano huo ndio unaofanya shule iende. Mwenyekiti akiwa na maslahi, na urafiki wa kula pamoja Krismasi ni maslahi, amkabidhi barua makamu kwa maandishi na tarehe. Na makamu akiwa ndiye mwenyekiti wa kamati ya fedha iliyolipa hundi? Basi mzazi asiipitishe bodini kabisa. Aipeleke moja kwa moja ofisi ya TSC ya kaunti, abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.