Kipindi cha neema cha domeni iliyoisha muda ni cha nani?

Wenye domeni za .com huambiwa mara nyingi kwamba jina likiisha muda wanazo siku 45 za kulilipia bila hofu. Kauli hiyo ina chembe ya ukweli, lakini huwaponza wengi, kwa sababu siku hizo 45 wamepewa wasajili, yaani kampuni zinazowauzia watu majina hayo, si wateja wao. Jina linapofikia ukomo, rejista kuu inayotunza majina yote ya .com hulihuisha yenyewe kwa mwaka mmoja na kumtoza msajili. Msajili akilifuta ndani ya muda huo, hurudishiwa fedha zake. Muda ambao mteja anaruhusiwa kulipa umo katika mkataba wake na msajili, na unaweza kuwa mfupi zaidi.

Tuchukue domeni iliyoisha tarehe 1 Machi. Mwenyewe akitazama taarifa za rejista anakuta tarehe ya ukomo imesogezwa hadi Machi ya mwaka ujao, akaamini kwamba imekwisha kulipiwa, ilhali hali ya `autoRenewPeriod` iliyo kwenye taarifa hizo hizo inaonyesha kwamba uhuishaji huo bado unaweza kutenguliwa. Msajili akilifuta jina tarehe 10 Aprili, hali inakuwa `redemptionPeriod`, na kwa siku 30, yaani hadi 10 Mei, mwenyewe ana haki ya kulikomboa kupitia msajili huyo huyo, kwa ada ambayo kwa kawaida huizidi mno ada ya mwaka.

Haki hiyo, hata hivyo, huanza jina linapofutwa. Mikataba mingi humruhusu msajili kulinadi kabla ya kulifuta, na likishahamishiwa kwa mnunuzi, hatua ya ukombozi haifikiwi kamwe. Wasajili wanajitetea kwamba kanuni za ICANN, shirika linaloratibu majina ya domeni duniani, zinawataka watoe taarifa moja takriban mwezi mmoja kabla ya ukomo, ya pili takriban wiki moja kabla yake, na nyingine ndani ya siku 5 baada yake, na kwamba jina lililotelekezwa halina sababu ya kukaa bure. Utetezi huo una uzito, ila taarifa ya mwisho hupotea kirahisi pale barua pepe ya mteja inapotegemea domeni ile ile iliyozimwa. Kwa maoni yangu, mnada unaofanyika kabla ya ukombozi unamnyima mteja kinga aliyowekewa.

Je, mtu alipe ada kubwa ya ukombozi, au asubiri jina liachiliwe alisajili upya kwa bei ya kawaida? Kwa jina refu lisilo na wageni wala viungo, kusubiri kunaweza kuokoa fedha. Kwa jina linalobeba barua pepe za kazi, ningelipa mara moja: baada ya 10 Mei hufuata siku 5 za `pendingDelete`, ambazo hakuna malipo yanayoweza kulirudisha, kisha jina huwa wazi kwa yeyote, na kampuni zenye mitambo ya kunasa majina huwahi ndani ya sekunde chache.